Kumwomba mwajiri akulipie kozi: anza na faili za hasara, ada ije baadaye

Barua nyingi za kuomba kulipiwa masomo huanza na chuo, zikasifu cheti, kisha zikataja ada mwishoni. Meneja akiisoma anaona gharama mpya tu. Barua inayopita humwonyesha pesa ambayo kampuni inapoteza sasa hivi, na sehemu ya pesa hiyo ambayo kozi inaweza kuiokoa.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Msaidizi wa forodha katika kampuni ndogo ya uwakala wa mizigo Mombasa anataka kusoma EACFFPC, cheti cha forodha na uwakala wa mizigo kinachotolewa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarakimu za pesa ni za mfano. Zako utazitoa kwenye faili za ofisini na kwenye karatasi ya ada ya chuo.

Hatua ya 1: Pitia faili za miezi 6

Omba ruhusa kwanza, kisha toa kila faili ambayo kontena lilichelewa kutoka bandarini. Kila siku inayopita baada ya muda wa bure, bandari inadai malipo ya kuhifadhi na kampuni ya meli inadai dimareji ya kontena. Andika sababu ya kila ucheleweshaji, na nani aliyelipa mwishowe.

Sasa zitenganishe, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Meli ilichelewa, mfumo ulizimika, mteja hakutuma pesa ya ushuru kwa wakati: hayo yote hayatibiwi na kozi, yaache. Unachotafuta ni makosa ya ujuzi. Kwa mfano, vipuri vya mashine ya kuvuna ngano, ambavyo mahali pake ni kichwa 8433 cha HS, orodha ya kimataifa inayopanga bidhaa kwa namba, viliandikwa 8708 kama vipuri vya magari. Afisa wa forodha akauliza, tamko la forodha likarudishwa kurekebishwa, na kontena likakaa siku 3 zaidi. Mteja akakataa kulipa kwa sababu kosa halikuwa lake, na kampuni ikabeba.

Tuseme umepata faili 4 za namna hiyo, na kampuni ililipa jumla ya shilingi 148,000. Usiahidi kwamba zote zisingetokea. Aliyesoma naye hukosea, na meneja aliyekaa bandarini miaka mingi anajua hivyo. Dai nusu tu: shilingi 74,000 kwa miezi 6, yaani kama 12,300 kwa mwezi.

Hatua ya 2: Hesabu gharama yote

Ada peke yake haitoshi. Weka usajili, mitihani, vitabu, na siku utakazokosekana kazini huku mshahara ukiendelea. Siku hizo ndizo watu huzificha, na ndizo meneja anazoziuliza kwanza. Kwa mfano wetu:

Ada ya masomo: 75,000
Usajili na mitihani: 10,000
Siku 4 za mitihani, kwa 2,000 kila siku: 8,000
Jumla: 93,000

Gawa 93,000 kwa 12,300. Pesa ya kampuni inarudi ndani ya miezi 8 hivi baada ya kumaliza. Huo mstari mmoja ndio moyo wa barua.

Taja pia nani atashika meza yako siku hizo 4, baada ya kukubaliana naye.

Hatua ya 3: Uliza habari ya NITA mapema

Waajiri Kenya hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo hayo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni yenye watu 14 inatoa 8,400 kwa mwaka, na mara nyingi mwenye kampuni hakumbuki kwamba anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo. Masharti mawili huwakwamisha wengi: chuo kiwe kimesajiliwa na NITA, na kibali kiombwe kabla ya kozi kuanza. Ukishaanza kusoma, umechelewa. Muulize mhasibu kama tozo imelipwa bila kukosa, lakini usiipunguze kwenye ile 93,000. Ikirudi, iwe nyongeza.

Hatua ya 4: Barua ya ukurasa mmoja

"Kwa miezi 6 iliyopita kampuni imelipa shilingi 148,000 za dimareji na uhifadhi katika faili 4 ambazo tamko lilirudishwa kwa makosa ya uainishaji au thamani. Naomba kugharimiwa kozi ya EACFFPC, gharama yote 93,000. Nikikadiria kupunguza nusu tu ya hasara hizo, gharama itarudi katika miezi 8 hivi. Masomo ni jioni na Jumamosi. Nitakosekana siku 4 za mitihani, na mwenzangu amekubali kushika kazi yangu. Orodha ya faili nimeiambatisha. Naomba jibu kabla ya usajili kufungwa."

Ipeleke wakati bajeti ya mwaka inaandaliwa. Ikifika bajeti imeshapitishwa, hata meneja anayekupenda hana kifungu cha kuitolea.

Maswali ya wanachama

*Bosi wangu anasema akinisomesha nitahama. Nimjibu vipi?*

Hofu yake ina msingi, kwa hiyo mpe mkataba badala ya kiapo. Kubali kubaki miezi 12 baada ya cheti, na deni lipungue kila mwezi. Kwa 93,000 hilo ni 7,750 kwa mwezi: ukiondoka baada ya miezi 9, unarudisha 23,250. Soma vizuri kabla ya kutia saini. Ukiona deni halipungui, au unadaiwa hata kampuni ikikuachisha kazi yenyewe, omba kifungu hicho kirekebishwe.

*Makosa mengi kwenye faili ni ya mkubwa wangu. Si nitamchongea?*

Panga orodha kwa aina ya kosa, usitaje aliyeandika. "Uainishaji: faili 3. Thamani: faili 1." Kisha mwonyeshe yeye kwanza, kabla haijafika kwa meneja. Nimeona wakubwa wa namna hiyo wakiweka saini zao chini ya ombi, kwa sababu nao wamechoka kulaumiwa. Akikataa kabisa, tumia jumla kutoka kwa mhasibu, maana dimareji iliyobebwa na kampuni iko vitabuni.

*Mimi niko Dar es Salaam. Hiyo habari ya kurudishiwa inatuhusu?*

Hapana, NITA ni ya Kenya. Tanzania mwajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa TRA, lakini usiiweke kwenye barua kama pesa itakayorudi kwa njia ya NITA. Hatua nyingine zote zinakufaa.

*Kazi yangu ni mapokezi, sina dimareji ya kuonyesha. Nifanyeje?*

Tafuta kazi ambayo kampuni humlipa mtu wa nje na wewe ungeifanya ukisoma, kama kutengeneza matangazo au kuandaa hesabu za mwezi. Ankara zake ndizo faili zako. Kama hakuna hasara wala ankara inayogusa kozi unayoitaka, ujue kozi hiyo inakufaidi wewe zaidi ya kampuni. Hapo omba kidogo: ruhusa ya siku za mitihani, au mkopo wa ada unaokatwa kwenye mshahara.

*Wamesema hakuna pesa. Basi?*

Uliza kama wanaweza kulipa mitihani pekee, au kukurudishia ada baada ya kufaulu. Ya pili hukubalika kirahisi zaidi, kwa sababu hatari yote unaibeba wewe mpaka matokeo yatoke. Wakikubali, pata maandishi yenye kiasi na tarehe kabla hujalipa shilingi yako ya kwanza.