Mambo ya kuzingatia kabla seva ya SACCOS haijazimika ghafla

Chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa hapa Moshi, chenye hifadhidata ya MySQL kwenye seva ya ofisini, hakina budi kujiandaa kwa siku ambayo umeme utakatika muamala ukiwa katikati. Kinga yake ni kanuni moja: kila badiliko huandikwa kwenye logi, na logi hufika diski kabla ya ukurasa wa data uliobadilika, na pia kabla karani hajaambiwa kuwa muamala umekamilika. Kabla ya kukagua mpangilio wowote, ni vema kufahamu jinsi logi hiyo inavyotumika seva inapowaka tena.

Tuchukue mwanachama wa Kibosho anayehamisha shilingi 200,000 kwenda kwa mwanachama wa Marangu. Rekodi ya 101 ya logi inasema kuwa salio la Kibosho, katika ukurasa wa 7, limeshuka kutoka 500,000 hadi 300,000. Rekodi ya 102 inasema kuwa la Marangu, katika ukurasa wa 9, limepanda kutoka 100,000 hadi 300,000. Rekodi ya 103 ni ya muamala mwingine, wa mwanachama wa Machame anayetoa 50,000 kutoka kwenye salio la 80,000, nalo liko katika ukurasa wa 7. Rekodi ya 104 inathibitisha muamala wa Kibosho, kisha umeme unakatika. Diskini, ukurasa wa 7 ulikwisha kuandikwa ukiwa na namba ya rekodi ya mwisho iliyoubadilisha, 103, lakini ukurasa wa 9 bado una namba ya zamani, 90.

Seva inapowaka tena, awamu ya kurudia, yaani kuyafanya upya mabadiliko ambayo hayakufika diski, hupitia logi kuanzia mahali salama palipowekwa mara ya mwisho, ikilinganisha namba ya rekodi na namba iliyo kwenye ukurasa. Ukurasa wa 7 hauguswi kwa kuwa tayari umefika 103. Ukurasa wa 9 hupewa badiliko la 102, na fedha za Marangu zinaonekana. Zingatia kwamba awamu hii haibagui: kama ukurasa wa 7 usingefika diski, hata badiliko la Machame lingerudiwa, ijapokuwa halikuthibitishwa, kwa sababu utenguzi wa miamala isiyothibitishwa huhitaji kurasa zilizo katika hali ileile ya wakati wa kuzimika. Ndipo awamu ya kutengua hurudisha salio la Machame kuwa 80,000. Katika utaratibu wa ARIES, uliochapishwa na C. Mohan na wenzake wa IBM mwaka 1992, utenguzi nao huandikiwa rekodi yake, hapa 105, ili umeme ukikatika tena kazi iliyofanyika isitenguliwe mara ya pili.

Haya yote yanategemea rekodi ya 104 kuwa imefika diski kweli, na hapo ndipo ukaguzi unapopaswa kuwa mkali zaidi. Uliza seva:

```
SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_flush_log_at_trx_commit';
```

Jibu liwe 1. Likiwa 0 au 2, logi husukumwa diskini takriban mara moja kwa sekunde, hivyo miamala ambayo karani ameambiwa imekamilika inaweza kupotea. Hata jibu likiwa 1, diski yenyewe inaweza kukiri kuwa imeandika wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Ikidai kuthibitisha maelfu ya maandiko yanayofuatana kwa sekunde, na hakuna kidhibiti cha diski chenye betri, basi haisemi kweli.

Jambo la pili ni miamala mirefu. Kuingiza riba ya wanachama wote katika muamala mmoja kunaweza kuacha utenguzi wa muda mrefu: InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data, hufungua hifadhidata baada ya kurudia, kisha hutengua kwa nyuma huku safu zilizoguswa zikiwa bado zimefungwa. Igawe kazi hiyo katika mafungu, na uweke alama ya kila fungu lililokamilika. Waonye pia wahusika wasiizime seva kwa kudhani imekwama, wala wasifute folda ya `#innodb_redo` ili kupata nafasi; wakiifuta, awamu ya kurudia haina cha kusoma.

Mwisho, fanya jaribio kwenye mashine isiyo na data halisi ila yenye diski za aina ileile. Programu iingize namba zinazofuatana, kila moja katika muamala wake, na mashine nyingine iandike kila namba iliyothibitishwa. Chomoa waya wa umeme, si kuzima kwa amri, kisha washa na ulinganishe. Namba moja ya ziada kwenye hifadhidata si kosa, kwa kuwa uthibitisho wake huenda ulikuwa bado njiani. Namba iliyothibitishwa ikikosekana, diski hiyo isibebe akiba za watu.