Kuhesabu zana za stoo ya saiti kwa lebo za QR: mwongozo kwa mtunza stoo

Ukikaa na mtu anayehesabu zana kwenye kontena la saiti utaona kwamba kuhesabu kwenyewe hakumchukulii muda. Muda unaishia kwenye kuigeuza grainda kutafuta namba, kufuta vumbi la saruji, kuisoma namba iliyofifia, kuiandika, halafu kuisaka kwenye daftari ili ajue kama ni ileile iliyoandikwa mwezi uliopita. Lebo ya QR inaondoa hayo yote, lakini ikiwa tu imebandikwa mahali sahihi na nyuma yake kuna orodha inayojibu swali moja: zana hii ipo, iko nje kwa fundi, au haionekani?

Hapa natumia Google Sheets kwenye simu au kompyuta. Excel nayo inakubali fomula hizihizi, ila ile ya picha, IMAGE, inataka toleo jipya la Excel.

Hatua ya 1: Amua kipi kinapata lebo

Usibandike kila kitu. Zana zenye injini au umeme, na zile za bei, kila moja ipate lebo yake: grainda, drili, vaibreta, mashine ya kuchomelea, mashine ya kukatia marumaru, levo ya leza. Sururu, koleo, karai na mitaimbo viache. Mpini wa koleo ukivunjika unabadilishwa na lebo inakwenda na mpini, na hata hivyo hakuna anayejali ni koleo lipi, mradi yawe ishirini. Hizo zihesabu kwa mdomo na uandike idadi. Diski, misumari na vitu vingine vinavyoisha vina leja yake, visiingie humu kabisa.

Hatua ya 2: Panga namba

Herufi tatu za aina ya zana, kisha tarakimu tatu: GRD001, DRL006, VIB002. Tumia herufi kubwa na usiweke nafasi wala alama katikati. Namba tupu kama 0014 ikwepe, kwa sababu Sheets itakula zile sifuri za mwanzo na kubakiza 14.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawautegemei. Mashine ya kukatia marumaru ukiiita MAR, au sepetu ukaiita SEP, programu inaweza kudhani umeandika mwezi wa Machi au Septemba na kuigeuza kuwa tarehe. Ukija kulinganisha, namba haipatikani. Kwa hiyo epuka vifupisho vya miezi ya Kiingereza (mimi mashine ya marumaru naiita KTM), halafu chagua safu nzima ya namba na uiweke kwenye Format > Number > Plain text kabla hujaandika chochote.

Ufupi wa namba una faida nyingine. QR ndogo kuliko zote za kawaida ina miraba 21 kwa 21, na inabeba hadi herufi kubwa na tarakimu 10 hata ikiwa kwenye kiwango cha H, yaani kile kinachovumilia takribani 30% ya msimbo kuharibika. GRD001 inaingia humo bila shida. Ukiweka kiungo cha tovuti chenye herufi 40, kwa kiwango hichohicho cha H msimbo unapanda hadi miraba 37 kwa 37. Kwenye lebo ya milimita 25, ukihesabu na ukingo mweupe wa miraba minne kila upande, kila mraba unashuka kutoka karibu milimita 0.86 hadi 0.56. Ofisini huoni tofauti. Ndani ya kontena lenye giza, kwenye lebo iliyopakaa zege, hiyo ndiyo tofauti ya kusoma mara moja na kusimama unahangaika na tochi.

Hatua ya 3: Chapa na ubandike

Picha za QR unaweza kuzipata ndani ya Sheets yenyewe. Namba ikiwa A2, weka hii kwenye seli ya pembeni kisha iburute chini:

```
=IMAGE("https://quickchart.io/qr?text="&A2&"&ecLevel=H&size=200")
```

Chini ya kila picha chapa na namba kwa maandishi ya kawaida, ili siku skana ikigoma jicho lisome.

Kuhusu karatasi: zile stika za mizani ya supamaketi, zinazochapwa kwa joto bila wino, usizitumie. Joto la kontena la bati linaziharibu. Stika ya plastiki ya polyesta iliyochapwa kwa utepe wa resini ndiyo inayodumu. Kama huna mashine hiyo, chapa kwa printa ya leza kwenye stika ya kawaida na ufunike kwa selotepu pana iliyozidi kingo zote, ukijua kwamba baada ya muda vumbi litaingia pembeni na utairudia. Kwa vaibreta na mashine zinazolala kwenye zege, nenda kwa wachonga vibao wakutengenezee kibao cha alumini kinachopigwa ribiti. Waambie miraba iwe myeusi kwenye ardhi nyeupe isiyong'aa, maana kibao kinachometa hurudisha mwanga wa tochi na skana haioni kitu.

Mahali pa kubandika pana uzito kuliko ubora wa stika. Chukua grainda. Kichwa chake cha gia kinapata moto, kwa hiyo gundi italegea. Sehemu ya kushikia itasuguliwa na mikono na glavu. Kwenye matundu ya hewa utaziba upoozaji wa mota. Inabaki ile sehemu bapa ya mwili wa mota, upande usio na bamba la kiwanda. Ifute kwa spiriti, iache ikauke, bandika, bonyeza kutoka katikati kwenda nje. Kisha ipange grainda rafuni lebo ikitazama mlangoni, na grainda zote zibandikwe palepale. Hapo ndipo kasi inapotoka: unapita na skana kama unayemulika tochi, hugusi kitu.

Bamba la kiwanda usilifunike. Namba ya kiwandani utaihitaji lebo ikibanduka. Na kwa vitu vya mviringo na vyembamba QR hupinda na kusomeka kwa tabu. Huko tumia bakodi ya mistari, mistari ikae kama vidato vya ngazi kupanda kwenye bomba.

Hatua ya 4: Tengeneza kurasa tatu

Ukurasa wa kwanza uite ORODHA: A ni namba, B jina la zana, C namba ya kiwandani, D hali. Wa pili ni NJE: namba, jina la fundi, tarehe aliyochukua. Zana ikirudi, mstari wake unafutwa. Wa tatu ni HESABU, na humo safu ya A inajazwa na skana peke yake.

Kwenye ORODHA, seli D2:

```
=IF(COUNTIF(HESABU!A:A,A2)>0,IF(COUNTIF(NJE!A:A,A2)>0,"IPO, FUTA NJE","IPO"),IF(COUNTIF(NJE!A:A,A2)>0,"NJE","HAIONEKANI"))
```

Kwenye HESABU, seli B2:

```
=IF(A2="","",IF(COUNTIF(ORODHA!A:A,A2)=0,"HAIJULIKANI",IF(COUNTIF(A$2:A2,A2)>1,"IMERUDIWA","SAWA")))
```

Ya ORODHA iburute hadi mstari wa zana ya mwisho tu, ya HESABU iburute hadi chini.

Skana ya mkononi ya Bluetooth hujifanya kibodi: inaandika namba na kubonyeza Enter yenyewe, ikashuka seli inayofuata. Ukinunua hakikisha inasoma QR, kwa sababu zile za zamani za mstari mmoja mwekundu husoma bakodi za mistari tu. Simu nayo inatosha kwa kuanzia, mradi programu yake isome mfululizo bila kukutaka ubonyeze kitu kila mara. Orodha uliyosoma unainakili kwenye HESABU baadaye.

Hatua ya 5: Hesabu

Fanya Jumamosi jioni, mafundi wakisharudisha zana. Funga dirisha la stoo, maana zana ikitoka au kuingia katikati ya zoezi huwezi kuamini matokeo. Anza rafu ya juu kushoto, malizia chini kulia, na usiruke. Skani lebo iliyo kwenye zana, kamwe usiskani karatasi ya nakala iliyobandikwa ukutani au mezani. Mtu akiruhusiwa kufanya hivyo atakuletea stoo iliyokamilika akiwa amekaa kwenye kiti.

Kusoma matokeo

Tuchukue stoo yenye zana 86 kwenye ORODHA. HESABU imejaza mistari 71: 68 ni SAWA, miwili IMERUDIWA, mmoja HAIJULIKANI. NJE ina mistari 16. Safu ya D inasema hivi: IPO 66, IPO FUTA NJE 2, NJE 14, HAIONEKANI 4. Ukijumlisha unapata 86. Isipofika jumla hiyo, tafuta kwanza mstari wa ORODHA ambao fomula haikuburutwa.

Iliyorudiwa haina neno, mkono ulibonyeza mara mbili. Zile mbili za IPO FUTA NJE zilirudishwa na hakuna aliyefuta mstari. Zifute leo, la sivyo fundi ataendelea kudaiwa kitu kilicho rafuni.

HAIJULIKANI inaonyesha namba ndefu ya tarakimu tupu. Hiyo ni bakodi ya kiwandani: skana ililenga bamba badala ya lebo. Tazama mistari iliyo juu na chini yake. Juu ni DRL005, chini ni DRL007, na DRL006 imo kwenye zile nne zisizoonekana. Ndiyo yenyewe. (Skana nyingi zinaweza kuzimwa zisisome bakodi za mistari kwa kuskani ukurasa wa mipangilio kwenye kijitabu chake, ila usifanye hivyo kama una zana zenye lebo za mistari.) Zinabaki tatu. VIB002 unaikuta juu kwenye slabu, ilichukuliwa usiku wa kumwaga zege bila kuandikwa. GRD009 iko rafuni, lebo imechanika. Unaitambua kwa namba ya kiwandani kwenye safu ya C na unaichapia nyingine. LVL001, ile levo ya leza, haipo popote. Hiyo moja ndiyo unayoipeleka kwa fomani jioni hiyohiyo.

Zile 14 za NJE bado ni maandishi tu. Daftari linasema ziko kwa mafundi, skana haijaziona. Jumatatu asubuhi zunguka na simu kabla kazi haijachanganya, uziskani zikiwa mikononi mwao bila kuzitia kwenye HESABU, na isiyoonyeshwa ihesabu pamoja na zile za HAIONEKANI. Ukimaliza, nakili ukurasa wa HESABU, nakala uipe jina la tarehe, kisha futa yaliyoandikwa kwenye safu ya A peke yake, si safu yenyewe. Ukifuta na B, fomula zimekwenda.