Somo: Kodi ya opsheni za hisa za kazini, naeleza mara ya mwisho

Wadau, wiki hii pekee nimeulizwa swali hili mara nne, na mmoja aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya matatu pale Kencom. Nimeamua kuliandika. Ukiniuliza tena nitakutumia hapa.

Tunazungumzia kampuni inayokupa haki ya kununua hisa zake kwa bei iliyopangwa mapema, halafu siku unayozinunua bei ya soko iko juu. Hiyo tofauti, machoni pa KRA, ni mshahara. Hujauza kitu na hujashika hata shilingi, lakini kodi imeshazaliwa.

Hatua ya 1. Tafuta barua ya opsheni. Andika idadi ya hisa na bei ya ofa.

Hatua ya 2. Hakikisha muda wa kusubiri kabla ya kuruhusiwa kununua umeisha. Kama haujaisha, funga barua urudi kazini.

Hatua ya 3. Bei ya soko ya siku unayotumia opsheni. Hapa ndipo mimi nilianguka, kwa hiyo nisome polepole.

Nilikuwa na opsheni 3,000 kwa bei ya ofa ya shilingi 15. Barua yenyewe ilisema kwamba siku niliyopewa, hisa ilikuwa shilingi 22 sokoni. Nikatoa 15 kwenye 22, nikapata 7, nikazidisha kwa 3,000: faida 21,000. Niko kwenye kiwango cha asilimia 30, basi nikaweka kando 6,300 na kulala usingizi mzuri. Kumbe siku niliyojaza fomu ya kuzitumia, hisa ilikuwa 41. Faida ya kweli ni 26 kwa kila hisa, yaani 78,000, na kodi yake 23,400. Niliiona kwenye slipu ya mwisho wa mwezi: mstari wa PAYE umenona, na chini kabisa pesa ya mkononi imepungukiwa 17,100 niliyokuwa nimeshaihesabu kwenye kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za hisa.

Zamani hesabu ilifanywa kwa bei ya siku ya kupewa, ndiyo maana barua nyingi za kale na watu wengi wa ofisini bado wanaimba hivyo. Siku hizi ni bei ya ofa iliyowekwa ulipopewa, dhidi ya bei ya soko siku unayozitumia. Si siku ya barua, wala siku hisa zinapoonekana kwenye CDS, yaani akaunti ya kuhifadhia hisa zako, siku ambayo inaweza kuja baadaye kidogo, wala siku utakayouza. Piga picha ya bei ya NSE siku hiyohiyo na uihifadhi pamoja na nakala ya fomu. Kama kampuni haiko sokoni, dai kwa maandishi thamani waliyotumia na jinsi walivyoipata, kabla hujasaini.

Hatua ya 4. Zidisha:

```
faida = (bei ya soko - bei ya ofa) x idadi ya hisa
```

Hatua ya 5. Ongeza faida kwenye mshahara wa mwezi huo. Tuseme mshahara wako unaotozwa kodi ni 180,000. Una opsheni 10,000 kwa bei ya ofa ya 12, na soko ni 52. Faida ni 40 mara 10,000, yaani 400,000. Kwa mwezi huo KRA inakuona mtu wa 580,000. Kiwango cha asilimia 30 kinaishia 500,000, kwa hiyo 320,000 ya faida inakatwa asilimia 30, ambayo ni 96,000. Zile 80,000 zilizovuka zinakatwa asilimia 32.5, ambayo ni 26,000. Jumla 122,000.

Hatua ya 6. Panga pesa taslimu. Kununua hisa ni 120,000, kodi ni 122,000. Mshahara wako baada ya kodi ya kawaida ulikuwa kama 133,600, na mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akikata yote kwenye mshahara utabaki na 11,600, na bado hujagusa mkopo wa sacco. Zungumza na mhasibu wa mishahara kabla ya kujaza fomu. Wengine wanakubali uwape hiyo kodi wewe mwenyewe, wengine wanapanga baadhi ya hisa ziuzwe siku hiyohiyo.

Maswali hapa chini.

---

Kijana_wa_Kayole: Boss hii ni ndefu. Niko na hisa 5,000, nitalipa ngapi?

Mwandishi: Bei ya ofa? Bei ya soko? Mshahara? Hatua ya 1 hadi ya 5.

Kijana_wa_Kayole: Si uniambie tu makadirio.

Mwandishi: Kati ya sifuri na kilio.

MamaNjeri: Mtu wa ofisi yetu amesisitiza ni bei ya siku ya kupewa. Nani mkweli?

Mwandishi: Mimi. Nililipia somo hilo 17,100. Mwombe akuonyeshe sheria ya kodi ya mapato ilivyo sasa, si nakala ya kabatini.

Fundi_Hesabu: Swali. Katika mfano wako mtu ametozwa asilimia 32.5 kwa mwezi mmoja tu. Kwa mwaka mzima hafikii kiwango hicho. Si ameonewa?

Mwandishi: Ndugu yangu, swali kama hili linanifanya nisifunge uzi. Uko sahihi. Kodi ya mtu binafsi mwishowe ni ya mwaka. Mshahara wa 180,000 mara 12 ni 2,160,000, ongeza 400,000 upate 2,560,000. Asilimia 32.5 kwa mwaka inaanza baada ya 6,000,000. Kwa hiyo zile 80,000 zilistahili asilimia 30, na amelipa 2,000 zaidi. Akijaza ritani kwenye iTax kabla ya 30 Juni, akinakili P9 yake sawasawa, hiyo 2,000 itajitokeza kama kodi iliyozidi na ataidai.

Fundi_Hesabu: Basi kuzitumia nusu Novemba na nusu Desemba hakupunguzi kodi?

Mwandishi: Kwa mtu huyu, bei ikiwa ileile, hapana. Kunampunguzia presha ya pesa taslimu tu. Kwa mtu aliye karibu na 6,000,000 kwa mwaka, nusu Desemba na nusu Januari ni hadithi nyingine, kwa sababu ni miaka miwili tofauti.

Otis_254: Nilitumia zangu zikiwa 52. Sasa ziko 38. Nitarudishiwa kodi ya hiyo 14?

Mwandishi: Hapana, pole. Hesabu ilifungwa siku ile. Ndiyo maana wengi huuza zinazotosha kulipia kodi mara tu zikiingia.

Otis_254: Na nikiuza kuna kodi nyingine?

Mwandishi: Zikiwa zinauzwa NSE, kodi ya faida ya mtaji haikuhusu. Za kampuni binafsi ya hapa zinahusika, asilimia 15 tangu 2023.

Wanjiku_startap: Kampuni yetu ina miaka mitatu na inatupa hisa badala ya sehemu ya mshahara. Hata mteja wa kununua hizo hisa hayupo. Tunalipaje?

Mwandishi: Kuna nafuu yenu. Kampuni iliyoandikishwa Kenya, isiyozidi miaka 5, mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, na isiyofanya biashara ya ushauri wa kitaaluma, usimamizi au mafunzo. Kodi inaahirishwa hadi ndani ya siku 30 baada ya lile litakalotangulia: kuuza hisa, kuacha kazi, au kutimia miaka 5 tangu mwisho wa mwaka mliopewa. Angalia hapo kwenye kuacha kazi. Ukihama kwa hasira mwezi wa pili, kodi inakufuata mlangoni na hisa bado hazina mnunuzi.

Wanjiku_startap: Asante sana. Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeshaandikwa. Naiweka kwanza.

Kijana_wa_Kayole: Ofa 20, soko 33, mshahara 90,000.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Faida 65,000, yote iko ndani ya asilimia 30. Kodi 19,500, na 100,000 ya kununua. Akaunti ya CDS umefungua?

Kijana_wa_Kayole: CDS ni nini?

Mwandishi: Nenda kwa wakala wa hisa kesho na kitambulisho na PIN ya KRA. Kisha urudi Hatua ya 3.