Vikombe vya keki: pima kwa gramu

Resipe ikikuandikia vikombe, weka bakuli juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha mimina: kikombe kimoja cha unga wa ngano ni gramu 120, sukari nyeupe 200, siagi 227. Tatizo kubwa ni unga. Ukiuchota kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko, unashindiliwa na kufika hata gramu 150. Ukiujaza kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, unabaki karibu na 120. Keki ya vikombe 3 vya kuzamisha imeshaongezewa gramu 90, na utaijua: rojo nzito, juu inapasuka, ndani kavu. Sukari haishindiliki hivyo, kwa hiyo haisumbui sana. Siagi ya Dar, kwa joto hili, huyeyuka na kunata kikombeni, bora uikate juu ya mizani. Hesabu hizi ni za kikombe cha kupimia cha mililita 240 hivi, si kikombe cha chai. Hamira na baking pauda endelea na kijiko. Mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri gramu 2 au 3.