Slaidi moja ya karafuu: kuipanga isomeke kwa anayesikiliza na anayetazama

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Somo la leo nalifanya juu ya slaidi moja tu, niliyoitumia mimi mwenyewe hapa Pemba kusomesha namna karafuu inavyoanikwa. Juu ina kichwa "Kuanika karafuu". Katikati kuna picha tatu za majamvi, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila moja ina maelezo chini yake: Mbichi, Zinasinyaa, Zimekauka. Nyuma ya vyote niliweka picha kubwa ya shamba, iliyofifishwa.

Darasani nina kijana asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Nilimpa faili alisikilize. Alichosikia ni hiki: picha, picha, Zimekauka, picha, Mbichi, picha, Zinasinyaa, na mwisho kabisa Kuanika karafuu. Baada ya kipindi akanijia: "Maalim, karafuu zinakauka kabla ya kuwa mbichi?" Swali lake lilikuwa la haki, kosa lilikuwa langu.

PowerPoint haifuati mahali kitu kilipokaa kwenye slaidi. Inafuata namna vitu vilivyopandana: cha chini kabisa husomwa mwanzo, cha juu kabisa husomwa mwisho. Kwa kawaida kilichotiwa mwanzo ndicho kilicho chini. Mimi picha ya majamvi yaliyokauka niliinakili kutoka faili la zamani kabla ya nyengine, na kichwa nilikiandika mwisho.

Hatua ya 1: Jua slaidi yako inasomwaje

Huhitaji NVDA kwa hili. Bofya mahali patupu kwenye slaidi, kisha bonyeza Tab mara moja moja. Kila ukibonyeza, kitu kimoja kinachaguliwa, na mfuatano huo ndio atakaousikia msikilizaji. Uandike kwenye karatasi kama nilivyouandika wangu hapo juu, utaona papo hapo pa kurekebisha.

Hatua ya 2: Kichwa kiwe kichwa kweli

Kichwa changu kilikuwa kisanduku cha kawaida cha maandishi chenye herufi kubwa. Macho hudhani ni kichwa, kompyuta haijui. Fungua View, kisha Outline View. Ukiona namba ya slaidi bila maneno ya kichwa mbele yake, slaidi hiyo haina kichwa. Nenda Home, Layout, chagua Title Only, uhamishie maneno yako kwenye nafasi ya kichwa inayotokea, kisha ufute kisanduku cha zamani.

Hatua ya 3: Panga upya

Bonyeza Alt+F10 kufungua Selection Pane. Hapa wengi hujikwaa, kwani orodha hii husomwa kutoka chini kwenda juu. Kichwa kikae chini kabisa ya orodha, juu yake picha ya kwanza, kisha maelezo yake, kisha picha ya pili, na kuendelea. Bofya majina mara mbili uyabadilishe, kwa mfano "jamvi mbichi", vyenginevyo utapotea kati ya majina yanayofanana. Matoleo mapya yana pia Reading Order Pane ndani ya Review, Check Accessibility. Hiyo husomwa juu kwenda chini, kinyume cha ile ya kwanza.

Tahadhari: ukibadilisha mfuatano, umebadilisha pia nani amemfunika nani. Picha yangu ya shamba niliposogeza vibaya ilifunika majamvi yote matatu. Dawa yake ni kuitoa kwenye slaidi na kuiweka kwa Design, Format Background, Picture or texture fill. Ikiwa huko haisomwi wala haifuniki kitu.

Hatua ya 4: Maandishi mbadala

Haya ni maneno anayoyasikia asiyeona mahali pa picha. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua View Alt Text au Edit Alt Text, kutegemea toleo lako. Kabla ya kuandika jiulize picha hii iko hapa kufanya kazi gani. Mwanzo niliandika "Picha ya karafuu kwenye jamvi" kwa zote tatu. Ni kweli, lakini haisomeshi kitu. Somo lilikuwa ni mabadiliko, basi nikaandika:

Ya kwanza: "Karafuu mbichi zimetandazwa jamvini, nono, za kijani na wekundu kidogo."
Ya pili: "Karafuu zile zile zimesinyaa na kuanza kuwa kahawia, nyengine bado zina wekundu."
Ya tatu: "Karafuu zote ni kahawia iliyokoza, ngumu na nyembamba kuliko zilipokuwa mbichi."

Neno "picha ya" nililiondoa, kwani programu yenyewe hutangaza kuwa ni picha. Sentensi moja au mbili zinatosha. Mchoro wa pembeni wa kupamba tu, tia alama Mark as decorative.

Hatua ya 5: Maandishi yaachane na rangi ya nyuma

Maelezo yangu yalikuwa meupe juu ya kijani cha PowerPoint chenye namba `00B050`. Tofauti ya mwangaza kati yake na nyeupe ni kama 2.87 kwa 1. Kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwawezesha wenye ulemavu kusoma kurasa za mtandao, kinataka angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa, yaani pointi 18 na zaidi, au 14 zilizokolezwa. Kwa hiyo kijani kile kilishindwa kote. Nikatia `006100`, kijani kilichokoza, na tofauti ikapanda hadi kiasi cha 7.7.

Sikuridhika na 4.5 kwa sababu ya madarasa yetu. Hesabu hiyo ni ya skrini. Projekta haiwezi kutoa weusi, weusi wake ni ukuta usiopigwa na mwanga. Madirisha yakiwa wazi saa nne asubuhi, jua linang'arisha ukuta mzima, na tofauti yote inapungua. Ndiyo maana mchana napendelea herufi nyeusi juu ya nyeupe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa Mkoani:* Maalim, mimi nikimaliza huwatumia wanafunzi PDF kwa WhatsApp. Kazi hii inabaki?

Inabaki, Mwalimu, ukipitia Save As na kuchagua PDF, kisha kwenye Options uhakikishe Document structure tags for accessibility imewekwa alama. Ukipitia Print na kuchagua printa ya PDF, maandishi mbadala na mfuatano wake vinapotea.

*Mwalimu wa Unguja:* Nimepitisha Check Accessibility, ikaniambia hakuna kosa. Basi nimemaliza?

Bado, dada yangu. Inaweza kujua kuwa umeandika kitu kwenye maandishi mbadala, haijui kama kina maana. Ungeandika "aaa" ingekupitisha. Rudia Tab ya hatua ya kwanza na usome maelezo yako kwa sauti.

*Mwalimu wa Wete:* Kijana wangu anasema NVDA inasoma Kiswahili kama mzungu, haelewi neno.

Sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza. Abonyeze Insert+Ctrl+V kufungua mipangilio ya sauti, ahakikishe anatumia eSpeak NG, kisha kwenye Voice achague Swahili. Sauti yake ni ya mashine na inachukua siku chache kuizoea, lakini "ng'ombe" na "ngoma" utazisikia mbalimbali.