Kabla hujaweka fomu ya kuchukua miadi kwenye tovuti ya saluni au kliniki, hakikisha saa zako

Ya wazi tuyamalize upesi. Namba ya simu iwe lazima kwenye fomu, barua pepe iwe hiari. Fomu ifunguke vizuri kwenye simu ndogo. Kila huduma ipewe muda wake: kuosha nywele na kusuka rasta haviwezi kupangiwa nusu saa ileile. Na mfumo ukatae watu wawili kuchukua nafasi moja hata wakibonyeza kwa pamoja.

Sasa saa. Hapa ndipo nimeona watu wanaumia, na hapa ndipo nataka usimame.

Saluni moja ya Sinza iliwekewa fomu nzuri tu. Mteja alikuwa na sendofu Jumamosi jioni, akafungua kalenda, akaona vitufe vimeandikwa 8:00, 9:00, 10:00. Akabonyeza 8:00, maana alitaka saa nane mchana. Meseji ikamfikia: "Miadi yako ni Jumamosi 8:00." Akaridhika. Upande wa saluni, mfumo ulikuwa umeandika 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Wasusi wawili wakawahi, wakakaa kumsubiri, wakamwona hatokei, wakapokea wateja wengine. Saa nane akaingia na wasimamizi wake, viti vyote vimejaa. Alilia pale mlangoni. Dada mwenye saluni akamrudishia advansi yake na bado akapoteza wateja wa familia nzima.

Angalia vizuri: hakuna aliyekosea kubonyeza, na programu haikuharibika. Mfumo ulihesabu kuanzia usiku wa manane, mteja akahesabu kuanzia alfajiri kama tunavyohesabu sote.

Usidhani kutafsiri plagini kunatosha. Zipo tafsiri zinazochukua 8:00 AM na kuandika "8:00 asubuhi", saa ambayo kwetu haipo. Mbaya zaidi ni 8:00 PM ikigeuka "8:00 usiku": mteja wa kliniki ya jioni anaambiwa aje saa nane usiku! Namba yenyewe lazima ibadilike, si neno la pembeni tu.

Kwenye hifadhidata acha saa 24 kama zilivyo, usiziguse. Badilisha pale tu zinapoonyeshwa kwa mteja: kwenye vitufe, kwenye meseji, na kwenye kikumbusho cha siku moja kabla. Hesabu ni fupi:

```php
$saa = ($h + 6) % 12;
if ($saa == 0) $saa = 12;
```

Hapo `$h` ni saa ya mfumo. 8 inatoa 2, 14 inatoa 8, na 18 inatoa 12, yaani saa kumi na mbili jioni. Kisha ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku kufuatana na `$h`. Meseji isomeke "Jumamosi, saa 2:00 asubuhi, yaani 08:00", ili hata mgeni aliyezoea saa 24 aelewe.

Kosa la pili linafanana na hilo, ila chanzo chake ni kingine. Seva nyingi zinakaa kwenye UTC, na sisi tuko saa 3 mbele yake mwaka mzima, kwa sababu Tanzania hatusogezi saa kwa majira. Kwenye WordPress ingia Settings, General, kisha Timezone, uchague Dar es Salaam. Kwenye mifumo mingine jina linaandikwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Kagua pia mipangilio ya plagini yenyewe, maana baadhi zina saa zao.

Utajuaje kosa ni lipi? Chukua miadi ya majaribio, ulinganishe ulichochagua na kilichoandikwa. Tofauti ikiwa saa 3 kamili, shughulika na seva. Ikiwa saa 6, shughulika na maandishi. Halafu mpe simu mama au shangazi asome meseji, umuulize, "Utakwenda saa ngapi?" Usimweleze chochote kabla hajajibu. Akisita, andika upya.

Baada ya hapo, daftari la kaunta lisibaki na miadi yake ya siri. Anayepiga simu na anayeingia kwa miguu waingizwe kwenye mfumo huohuo, papo hapo. Kwa kliniki, usiulize ugonjwa kwenye fomu kama huhitaji kuujua kabla mgonjwa hajafika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Meseji nayo isitaje huduma, maana simu za nyumbani zinasomwa na wengi. Umeme ukikatika, uwe na orodha ya siku iliyochapwa asubuhi. Na sikukuu za Idi, ambazo hutegemea mwezi kuandama, usizifungie kwa tarehe za kukisia. Awepo mtu wa kufunga siku hiyo kwa mkono, na wa kuwapigia waliokwisha chukua nafasi.