Mambo ya kuzingatia kabla ya kugeuza daftari la fedha kuwa hesabu za malimbikizo

Ofisi ndogo ya umma inayotunza hesabu kwa msingi wa fedha taslimu huwa na daftari la fedha, hati za malipo, vitabu vya stakabadhi na taarifa za benki. Vyote hivyo vinaeleza fedha ilipoingia na ilipotoka. Havisemi nani anadaiwa na ofisi, wala nani anaidai ofisi. Kwa hiyo kazi ya kugeuza hesabu ziwe za malimbikizo, yaani zinazoweka mapato na matumizi katika mwaka yanaohusu hata kama fedha haijapita, haianzii kwenye kompyuta. Inaanza kwa kuwatafuta wadaiwa na wadai ambao daftari halijawahi kuwataja.

Jambo la kwanza kukubaliana ni tarehe, na tarehe ni mbili. Tuseme mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Wengi hukimbilia orodha ya madai na madeni ya siku hiyo ya kufunga, halafu wanasahau kwamba wanahitaji orodha kama hiyo ya 30 Juni ya mwaka uliotangulia. Bila bakaa za mwanzo huwezi kujua ni kiasi gani cha fedha iliyopokelewa mwaka huu kilikuwa mapato ya mwaka jana, au ni malipo gani yalikuwa ya kulipia madeni ya zamani. Ukiwa na nguvu ya kutosha kwa orodha moja tu, anza na ile ya mwanzo. Ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa waliohusika wanahama na karatasi zinapotea.

Madeni ya kufunga yatafute katika malipo yaliyofanyika baada ya mwaka kwisha. Chukua hati zote za malipo za miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka mpya, na kwa kila moja uliza: mali au huduma hii ilipokelewa lini? Usiulize ankara ni ya tarehe ngapi. Ankara ya 12 Julai kwa karatasi zilizoingia stoo 20 Juni ni deni la mwaka uliofungwa. Kwa upande mwingine, oda iliyotolewa Juni lakini mali ikafika Agosti bado si deni kwa siku ya kufunga. Ni ahadi tu, hata kama fungu lake la bajeti limeshatengwa. Ofisi zilizozoea kufuatilia bajeti hukosea hapa mara nyingi, maana kwao oda na deni vimekaa safu moja.

Usitosheke na hati za malipo peke yake, kwa sababu deni ambalo halijalipwa hadi leo halina hati. Linganisha hati za kupokelea mali stoo na ankara zilizolipwa. Kilichopokelewa bila kulipwa ndicho unachokitafuta. Niliwahi kuona ankara za miezi kadhaa zikiwa zimetulia kwenye faili la mtunza stoo, ambaye aliamini ni nakala zake, kumbe mhasibu hakuwahi kuletewa nyingine. Fungua pia droo ya hundi. Hundi iliyoandikwa 29 Juni lakini haijakabidhiwa kwa mlipwaji haijalipa kitu. Fedha irudishwe kwenye salio, na deni libaki pale pale.

Kwa wadaiwa, rejista ya leseni, ya pango au ya ada ina thamani kuliko kitabu cha stakabadhi, kwa kuwa inaonyesha aliyetakiwa kulipa, siyo aliyelipa tu. Mtego mkubwa upo hapa. Mhasibu asiye na rejista hujenga madai ya mwanzo kwa kutazama stakabadhi za mwaka huu na kuokota zile za malimbikizo ya zamani. Njia hiyo inawakamata waliolipa, ikiwaacha wale ambao hawakulipa kabisa.

Tuchukue ofisi moja ya mfano. Mwanzoni mwa mwaka ilikuwa na fedha 9,000, ikidai 5,900 na kudaiwa 6,200. Katika mwaka ilipokea 48,000 na kulipa 31,000. Kwa hesabu za fedha taslimu, ziada ni 17,000, na salio la kufunga ni 26,000. Uchunguzi ukaonyesha kwamba siku ya kufunga wadaiwa walikuwa 7,500, na kwamba ndani ya fedha zilizopokelewa kulikuwa na 2,000 za pango la mwaka ujao. Wadai walikuwa 4,900, na katika malipo kulikuwa na masurufu ya 800 ambayo mtumishi hajayarejesha wala kuyatolea hesabu.

Mapato ya mwaka ni 48,000, toa madai ya mwanzo 5,900, ongeza madai ya kufunga 7,500, toa pango la mbele 2,000. Yanabaki 47,600. Matumizi ni 31,000, toa madeni ya mwanzo 6,200, ongeza madeni ya kufunga 4,900, toa masurufu 800, kwa kuwa hayo bado ni dai kwa mtumishi. Yanabaki 28,900. Ziada ni 18,700.

Usiiamini hadi uithibitishe kwa njia ya pili. Mwanzoni mali halisi ilikuwa 9,000 na 5,900, toa 6,200, yaani 8,700. Mwishoni ni 26,000, 7,500 na 800, toa madeni 4,900 na pango la mbele 2,000, yaani 27,400. Tofauti ni 18,700. Njia mbili zisipokutana, kuna bakaa iliyoingizwa upande mmoja tu.

Lakini kukutana hakuthibitishi kila kitu. Katika zile 5,900 za mwanzo, zililipwa 5,000 tu; zile 900 bado zimo ndani ya 7,500 za kufunga. Mhasibu aliyejenga madai ya mwanzo kwa stakabadhi angeandika 5,000, mapato yake yangekuwa 48,500, na hesabu zake bado zingekutana vizuri kabisa. Deni la zamani lingekuwa limegeuka mapato mapya. Dalili yake ni hii: pangilia wadaiwa wa kufunga kwa umri, kisha uone kama kila aliyevuka mwaka mmoja yumo kwenye orodha ya mwanzo. Hizo 900 zenyewe zinahitaji uamuzi mwingine, yaani kama zinakusanyika, au zipunguzwe thamani na kupelekwa kwenye matumizi.

Kabla ya kuanza, amua pia fedha zipi si zako. Ada unazokusanya kwa niaba ya hazina, na dhamana za wazabuni, zinaingia benki kama fedha nyingine, ila ni deni tangu siku zinapopokelewa. Mifano yangu haikugusa majengo, magari wala uchakavu. Hayo ni kazi ya peke yake, na kiwango cha IPSAS 33, kimojawapo cha viwango vya kimataifa vya hesabu za sekta ya umma, kinaipa taasisi inayoanza kuvitumia viwango hivyo hadi miaka mitatu ya kutambua na kupima baadhi ya mali na madeni yake. Muda huo utumike kwa mpango ulioandikwa, kwani hadi uishe hesabu haziwezi kudai kuwa zimetimiza viwango kikamilifu ikiwa nafuu iliyochukuliwa inaathiri picha halisi.

Daftari la fedha lenyewe liendelee kuandikwa. Bajeti ikiwa bado ya fedha taslimu, IPSAS 24 inataka matumizi halisi yalinganishwe nayo kwa msingi huo huo, kisha tofauti na hesabu mpya ielezwe kwa usuluhisho. Katika mfano wetu usuluhisho huo unaanza na 17,000 na kuishia 18,700: ongeza 1,600 za wadaiwa, 800 za masurufu na 1,300 za wadai waliopungua, kisha toa 2,000 za pango.